Mpira Uko Wapi? Kufasiri Matangazo ya Mpira kutoka Kifaransa

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya kufasiri barua na matangazo yaliyoandikwa. Barua ina subira. Ukikwama kwenye neno moja waweza kuweka kalamu chini, ukanywa maji, ukauliza jirani, nayo barua ikakungoja. Leo tutatazama kazi isiyongoja mtu: kusikia mtangazaji wa mpira akisema mbio kwa Kifaransa, na papo hapo kuwaambia watu kwa Kiswahili.

Kazi hii ipo kwetu. Watu wa Bujumbura, Bukavu, Goma na Lubumbashi waijua, kwa maana huko mechi nyingi hutangazwa kwa Kifaransa na wasikilizaji wengi ni Waswahili. Hata sisi wa upande huu wa Ziwa Tanganyika, pale Kigoma, mara nyingi king'amuzi kilichovuka ziwa huja na picha nzuri na sauti ya Kifaransa tupu. Ndipo watu hutafuta mtu aliyesoma lugha ile, wakamwambia, "Mwalimu, tusaidie."

Mimi nilisaidia hivyo siku moja, nikashindwa vibaya. Nitawasimulia, kwa sababu kosa langu ndilo somo la leo.

Ilikuwa tarehe 18 Desemba, 2022. Argentina na Ufaransa zilikuwa zikicheza fainali ya Kombe la Dunia katika uwanja wa Lusail, nchini Qatar. Tulikuwa katika banda la kuonyeshea mpira, watu wamejaa hadi mlangoni. Kando yangu aliketi mzee mmoja, fundi wa kushona nyavu za dagaa, ambaye macho yake hayaoni tena. Wengine wote walikuwa na picha mbele yao, na maneno yangu kwao yalikuwa chumvi tu. Kwa mzee yule maneno yangu ndiyo yaliyokuwa mechi yenyewe.

Argentina ilitangulia kwa mabao 2. Dakika ya 80 Ufaransa ikapata penalti, na Kylian Mbappé akafunga. Mtangazaji wa Kifaransa akaanza kusema mengi: kwamba hilo ni bao lake la 6 katika mashindano yale, kwamba kipa Emiliano Martínez aliugusa mpira lakini haukuzuilika, kwamba sasa matumaini yamerudi. Nami nikayachukua maneno yake yote, neno kwa neno, nikayapanga kwa Kiswahili kizuri cha shuleni. Nilikuwa bado katika habari za kipa na mkono wake, mara banda zima likalipuka kwa kelele. Mbappé alikuwa amefunga tena! Kati ya bao lile na hili zilipita sekunde 97 tu.

Mzee akanishika mkono wa shati. Akasema, "Mwanangu, mpira uko wapi?"

Nikajibu, "Mzee wangu, bado naeleza penalti."

Akaniachia shati, akanyamaza. Bao lile lilikuwa zuri kuliko yote ya siku ile, naye hakulipata. Nilikuwa nayajua maneno yote ya Kifaransa yaliyosemwa, hata moja halikunipita. Kilichonipita ni mpira.

Basi hii ndiyo kanuni ya kwanza, na kama mtasahau mengine yote, msiisahau hii: mkalimani wa mpira hafasiri sentensi za mtangazaji, bali hufuata mpira. Kila wakati mpira unapotembea, msikilizaji ataka kujua mambo manne. Uko wapi? Uko kwa nani? Anafanya nini? Imetokea nini? Lolote nje ya haya manne, hata likiwa tamu namna gani, lingoje.

Litangoja mpaka lini? Tazama mchezo wenyewe. Mechi huchukua dakika 90 na zaidi, lakini muda ambao mpira unatembea kweli, katika mashindano makubwa, ni saa moja hivi. Muda uliobaki mpira umetoka nje, au mchezaji amelala chini anatibiwa, au wanapanga ukuta wa kuzuia mpira wa adhabu. Huo ndio wakati wa kulipa deni. Mpira ukiwa hai, sema machache. Ukifa, eleza kwa kirefu.

Na kama umekwisha kuchelewa, je? Hapa ndipo wengi huharibu. Mtu akiona amebaki nyuma huongeza mbio za ulimi ili amfikie mtangazaji. Hamfikii. Maneno hugongana, na msikilizaji hapati la mwanzo wala la mwisho. Dawa yake ni kuacha. Kata sentensi yako katikati, bila haya, urukie mahali mpira ulipo sasa. Sema, "Mpira uko kwa Rabiot, katikati ya uwanja," kisha endelea. Msikilizaji aliyepoteza pasi mbili hajali, lakini aliyepoteza mpira wenyewe amepoteza mchezo.

Sasa tuje kwenye urefu wa maneno, maana hapo ndipo Kiswahili hutubana. Chukueni kalamu. Maneno ya Kifaransa nitayaandika kwa herufi zetu, kama sikio la Mswahili linavyoyapokea. Mfaransa akitaka kusema kwamba mchezaji ameotea, husema "orje". Hesabuni silabi: o-rje, mbili. Sisi twasema "ameotea": a-me-o-te-a, tano. Yeye husema "il frap", mbili tena. Sisi tukisema "anapiga shuti" ni silabi sita. Kwa hiyo mkalimani anayefasiri kila neno atabaki nyuma tu, hata kama ana ulimi wa kasuku, kwa sababu viambishi vyetu ni vingi: nafsi, wakati, mtendwa, vyote vimo ndani ya kitendo kimoja.

Lakini Kiswahili chenyewe kina njia za mkato, na watangazaji wetu wamezitumia miaka mingi. Ya kwanza ni jina peke yake. Mpira ukitoka kwa mtu kwenda kwa mtu, taja majina tu. "Rabiot... Mbappé..." Msikilizaji ajua mwenyewe kwamba kati ya jina na jina kuna pasi. Ya pili ni kukata kitendo ukabaki na jina la tendo: "Shuti!" badala ya "anapiga shuti", "Kichwa!" badala ya "anaupiga kwa kichwa". Ya tatu ni ile "ka" ya mazungumzo: "kapiga", "kakosa", "kampokonya". Katika barua ya ofisini hatuandiki hivyo, bali uwanjani ndipo mahali pake.

Sasa turudi kwenye bao lile nililomnyima mzee, tulifanyie kazi. Mambo yalitokea hivi. Kingsley Coman alimpokonya Lionel Messi mpira. Ukaenda kwa Adrien Rabiot. Rabiot akauinua kwenda kwa Mbappé. Mbappé akaupiga kichwa kumpa Marcus Thuram. Thuram akamrudishia kwa juu. Mbappé, kabla mpira haujagusa nyasi, akaupiga kwa mguu wa kulia huku mwili wake ukianguka, nao ukaingia wavuni.

Mtangazaji wa Kifaransa angeweza kulisema bao hilo namna hii, sentensi nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya darasa: "Koman rekiper... Rabyo... Mbape, de la teti... Tiram... in-de... reprizi de vole... bi!"

Mimi wa siku ile, na Kiswahili changu cha shuleni, ningelifasiri hivi: "Coman amefanikiwa kuupata tena mpira ambao ulikuwa miguuni mwa Messi. Mpira huo sasa unapelekwa kwa Rabiot. Naye Rabiot anauinua kumpelekea Mbappé, ambaye anakitumia kichwa chake kumpasia Thuram. Thuram naye anamrudishia Mbappé, ambaye sasa anaupiga mpira huo kabla haujafika chini."

Sarufi haina kosa. Lakini someni kwa sauti, mmoja wenu atazame saa. Mpira umekwisha kuingia, umetolewa wavuni, wachezaji wanakumbatiana, na ninyi bado mko kwa Thuram. Sentensi ya kwanza peke yake ina silabi 31.

Sasa someni hii:

"Coman kampokonya Messi! Rabiot... juu, kwa Mbappé... kichwa, Thuram... Thuram amrudishia... Mbappé... hewani hewani... shuti! Bao!"

Ile habari ya Coman na Messi sasa ina silabi 9 tu, na hakuna tendo lililopotea. Mpira uko wapi? Msikilizaji ajua kila hatua. Kisha, watu wanaposhangilia na mpira umekufa, ndipo unalipa deni: "Wamegongeana, Mbappé na Thuram. Mpira ulipomrudia hakuungoja utue, ameupiga ukiwa bado hewani, kwa mguu wa kulia, huku mwenyewe anaanguka. Kipa kanyosha mkono, haukutosha. Ufaransa 2, Argentina 2, dakika ya 81." Maneno haya ni mengi, lakini sasa wakati upo.

Mmeona pale maneno mawili ya ufundi. "In-de" maana yake kwa neno ni "moja-mbili". Ukisema "moja-mbili" kwa Kiswahili, msikilizaji atadhani unahesabu. Sisi tuna neno letu, kugongeana: unampa mwenzio, anakurudishia papo hapo. "Reprizi de vole" ni kuupiga mpira ukiwa hewani kabla haujatua. Hatuna neno moja fupi linalokubaliwa na wote, basi usijisumbue kulitunga wakati mpira unaruka. Sema "hewani", na maelezo yaje baadaye.

Hiyo ndiyo kanuni ya maneno ya ufundi: tumia neno ambalo mwenye banda na mvuvi na mama wa sokoni wanalo tayari. Mfaransa akisema "peti pon", yaani daraja dogo, mpira umepita katikati ya miguu ya mtu. Usiseme daraja. Sema "kapigwa tobo", na banda zima litacheka. Mfaransa akisema "likarni", kwake ni kidirisha cha darini. Katika mpira ni ile pembe ya juu ya goli, mwamba unapokutana na mtambaa panya. Usitafute dirisha. Sema "pembeni juu kabisa". Na kona ni kona, penalti ni penalti, kwa Mfaransa na kwetu.

Vipimo navyo vina mtego. Sisi tumezoea yadi, Mfaransa ahesabu mita. Akisema "sez metri", yaani mita 16, anataja lile eneo kubwa mbele ya goli ambalo sisi twaliita 18. Ni mstari ule ule mmoja, maana yadi 18 ni karibu mita 16 na nusu. Ukisema "yuko mita 16", umesema kweli, lakini msikilizaji ataona mtu amesimama mahali pasipo mstari. Sema "kaingia 18". Vivyo hivyo "onz metri", mita 11, ni penalti, maana kutoka alama ya penalti hadi goli ni mita 11, ndizo yadi 12 zetu. Na akisema "mita tano na hamsini", hiyo ni sita yetu, kile kisanduku kidogo cha kipa.

Kuna neno jingine linalowapoteza hata waliosoma: "kontripye". Ukilikata vipande utapata mambo ya mguu na kinyume, na mtu wa haraka atafasiri "kapiga kwa mguu wa kinyume". Sivyo. Maana yake kipa, au beki, alikwisha kuelemea upande mmoja, nao mpira ukaenda upande mwingine. Sema tu, "Kipa huku, mpira kule!" Hapo msikilizaji amewaona wote wawili.

Sasa niwape mtego ulio mkubwa kuliko yote. Bao, kwa Kifaransa, ni "bi", na midomo imeviringwa kama mtu anayepiga mluzi. Ni neno la silabi moja tu, na mkalimani hulingoja kwa hamu kama mvuvi angojavyo kamba ivutwe. Kwa hiyo kila akisikia "bi", moyo humruka, naye hupaza sauti: "Bao!" Lakini neno hilo hilo humaanisha goli lenyewe, ile miti na wavu, nalo limo ndani ya maneno mengi ambayo si bao. "Sorti de bi" ni goli kiki, yaani mpira umetoka nje nyuma ya goli na kipa anauanzisha. "Bi refize" ni bao lililokataliwa. Na "tirobi" ni mikwaju ya penalti ya kuamua mshindi baada ya sare.

Usiku ule wa fainali, baada ya mimi kushindwa, kijana mmoja aliyekaa Bukavu miaka kadhaa alinipokea kazi, nami nikashukuru. Alikuwa mwepesi kuliko mimi, na alifuata mpira vizuri. Messi alifunga dakika ya 108, Mbappé akasawazisha dakika ya 118, ikawa 3 kwa 3. Dakika za mwisho kabisa Randal Kolo Muani wa Ufaransa alibaki peke yake na kipa, na Martínez akaokoa kwa mguu. Muda ukaisha. Mtangazaji akasema kwa sauti kubwa kwamba sasa ni "tirobi". Kijana, jasho likimtoka, akasikia "bi", akapiga kelele, "Bao! Bao la Ufaransa!" Mzee wangu akainuka, mikono juu. Wenye macho wakaanza kumcheka, naye akaketi taratibu, akiuliza wanacheka nini.

Wasikilizaji, kosa la kuchelewa humnyima mtu furaha, lakini kosa hili humpa furaha ya uongo kisha humnyang'anya mbele za watu, nalo ni baya zaidi. Utalijuaje bao la kweli? Kuna dalili tatu. Kwanza, neno lenyewe husimama peke yake na huvutwa au hurudiwa: "bi, bi, bi!" Likija katikati ya maneno mengine, shuku. Pili, baada yake hufuata jina la mfungaji. Tatu, sauti ya uwanja hupanda, haishuki. Ngoja upate dalili mbili kabla ya kutoa neno. Kungoja huko ni sekunde moja tu. Na ukiwa na shaka sema "Shuti!" kwa sauti ya juu, kwa kuwa neno hilo halitakuumbua.

Mtego unaofanana na huo ni "ila fayi marke". Mwisho wake ni "marke", kufunga bao. Lakini "fayi" ndilo lililobeba habari: maana yake nusura. Nusura afunge! Aliyesikia mwisho tu atatangaza bao ambalo halikufungwa. Kiswahili kinatusaidia hapa, maana "nusura" hutangulia pia. Ukisikia "fayi", sema "nusura!" mara moja, wala usingoje mwisho wa sentensi.

Sasa juu ya msisimko. Wengi hudhani msisimko ni kelele. Ukipiga kelele tangu mpira uko kwa beki wako mwenyewe, utabaki na nini ukifika golini? Gawanyeni uwanja katika mafungu matatu. Mpira ukiwa nyuma, sauti ya mazungumzo. Ukivuka katikati, sauti ipande kidogo na maneno yapungue. Ukiingia 18, maneno yawe moja moja. Mzee asiyeona hujua kwa sauti yako peke yake kwamba hatari inakaribia, hata kabla hujasema neno.

Tena kuna jambo la mkazo. Mfaransa huvuta silabi ya mwisho: "Mbapeee!" Mkalimani anayemwiga huanza kuvuta mwisho wa maneno yetu pia, akasema "anapigaaa". Sikio la Mswahili halipendi hivyo, kwa maana mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Vuteni hapo: "anapiiiga!", "baaao!", "gooooli!" Pia tunavyo viashiria ambavyo Mfaransa hana: "Huyo! Huyooo! Anakwenda, anakwenda..." Maneno hayo hayaongezi habari, lakini hubeba mbio, na humpa mkalimani nafasi ya kusikia neno linalofuata. Yatumieni kwa kiasi, mtu anapokimbia na mpira, si wakati wote.

Jambo moja la mwisho kabla ya zoezi. Kazi hii huchosha akili upesi. Wakalimani wa mikutano mikubwa hufanya kazi wawili wawili na kupokezana kila baada ya dakika 20 au 30. Katika mpira kipindi kimoja ni dakika 45. Basi muwe wawili, mpokezane mpira unapokufa. Yule anayepumzika asilale: aandike majina ya wachezaji wa akiba wanaoingia, mabao na dakika, amsogezee mwenzake karatasi. Na kabla ya mechi wote wawili wasome majina ya wachezaji kwa sauti mara tatu. Jina moja likikukwama ulimini, pasi tatu zimekwisha kupita.

Zoezi lenyewe tulilipata kwa mzee. Baada ya usiku ule nilikwenda kumwamkia na kumwomba radhi. Akasema, "Nimekusamehe, mwanangu, lakini ufanye mazoezi, na mimi ndiye nitakayekupima." Akachukua ubao, akaomba tumchoree uwanja kwa kugongea misumari na kuzungushia uzi wa nyavu, ili vidole vyake visikie mistari: katikati, zile 18 mbili, magoli mawili. Akatwaa kisoda kimoja kuwa mpira. Nikawa nafasiri mechi zilizorekodiwa, naye anasogeza kisoda kwa kufuata maneno yangu. Mwenzangu alikuwa akisimamisha picha ghafla, tunatazama: je, kisoda kipo mahali mpira ulipo? Mwanzoni kilikuwa nyuma kila mara. Mara nyingine kilikuwa upande mwingine kabisa, kwa sababu nilisema "kushoto" bila kueleza kushoto kwa nani. Tukakubaliana: kushoto ni kushoto kwa timu inayoshambulia, siku zote.

Tulifanya hivyo jioni nyingi. Kisha ikaja tarehe 11 Februari, 2024, fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Abidjan, Kodivaa na Nigeria. Sauti ilikuwa Kifaransa tena. Mzee akaja na ubao wake magotini. Ikawa 1 kwa 1. Dakika ya 81 nikasema: "Adingra, kushoto... huyooo... krosi... Haller... mguu... bao!" Wakati watu wanashangilia nikatazama ubao. Kisoda kilikuwa kimetoka wingi ya kushoto, kimepita kwenye sita, na kidole cha mzee kilikuwa kimekibana ndani ya goli.

Hakuniuliza mpira uko wapi. Alisema tu, "Sasa nieleze huo mguu ulivyokuwa." Mpira ulikuwa umekufa, nami nikamweleza kwa kirefu jinsi Sébastien Haller alivyonyosha mguu mbele ya beki, akaugusa kidogo tu, ukageuka kuingia.

Wasikilizaji, hapo ndipo mwisho wa somo letu la leo. Kwaherini mpaka wiki ijayo.

MAZOEZI YA DARASA

1. Mambo manne ambayo msikilizaji ataka kujua mpira unapotembea ni yapi?

2. Ifupisheni sentensi hii iwe na silabi zisizozidi 12: "Mchezaji wa upande wa kulia amefanikiwa kumpita beki na sasa anaupeleka mpira mbele ya goli." Hesabuni silabi kwa vidole.

3. Mtangazaji amesema "sorti de bi". Mnatangaza nini? Akisema "bi refize", je?

4. Chorani uwanja chini kwa kijiti. Mmoja afumbe macho na ashike kisoda, mwingine afasiri au atangaze mechi, wa tatu asimamishe mchezo ghafla. Andikeni mara ngapi kisoda kilikuwa mahali pake katika mara 10, mkarudie tena wiki ijayo.